Moyo wa Yeyo Ulipopata Arobaini na Mbili

Kijana wa mashine alikuwa mchangamfu mpaka picha ilipotokea. Alimwuliza Yeyo kama ametoka mbali, akamsaidia kulala kwa ubavu wa kushoto, akamwonya kwamba ile jeli ya kupaka kifuani ni baridi. Yeyo ndiye mama yangu. Hatujawahi kumwita jina lingine. Alimjibu kwamba baridi anaijua, yeye ni mtu wa Kajiado, si wa Mombasa. Tukacheka sote watatu. Halafu akabandika kifaa chake chini ya titi la Yeyo, katikati ya mbavu, akatazama skrini, akanyamaza.

Mimi nilikuwa nimesimama karibu na miguu ya Yeyo nikishikilia shuka yake na viatu vyake. Chumba kilikuwa na giza kidogo. Nje, malori ya kokoto yalikuwa yakipita kwenda barabara kuu ya Namanga, na kila moja likipita dirisha lilitetemeka. Kwenye skrini niliuona moyo wa mama yangu. Sikuwa nimewahi kufikiria kwamba mtu anaweza kuuona moyo wa mama yake ukicheza. Ndani yake kulikuwa na vitu viwili vyembamba vinapigapiga kama masikio ya mbuzi anayefukuza nzi. Kijana akabonyeza kitu, rangi zikamwagika pale ndani, nyekundu na bluu.

"Hiyo ya bluu ni nini?" nikauliza.

"Ni rangi ya mashine tu."

"Ni damu mbaya?"

"Dada, mimi napiga picha. Daktari wenu ndiye atawaelezea."

Alisema vizuri, bila ukali, lakini mimi nilisikia anaficha kitu. Ukiwa na hofu hata ukarimu wa mtu unakutisha. Akampa Yeyo karatasi za kujipangusa, akachapa ripoti, akaiweka kwa bahasha ya kaki. Ilikuwa Ijumaa. Daktari wetu Kajiado angetuona Jumatatu. Kwa hivyo tulikuwa na bahasha na wikendi nzima ya kuitazama.

Mambo yenyewe yalianza polepole. Yeyo ni mtu wa kutembea. Tangu baba atutoke, yeye ndiye huhesabu mbuzi jioni na yeye ndiye hujua ni ng'ombe yupi ana hasira. Halafu mwaka huu akaanza kusimama njiani akitoka kuteka maji. Nikimwuliza, anasema anatazama milima. Sasa mtu amezaliwa akitazama milima hiyo hiyo, leo ameona nini jipya? Baadaye nikagundua analala ameegemea ukuta kwa sababu akilala chali pumzi inakatika. Miguu ikavimba, viatu vikakataa kuingia. Daktari wa hospitali ya Kajiado akampima presha, akashtuka, akamwanzishia vidonge, akasema tuje Kitengela tupigwe picha ya moyo, ndipo ajue anatibu nini.

Mimi nafanya kazi ya kushona Kitengela, kwa duka la mtu mwingine. Shule niliacha Form Two. Lakini sijaacha kuota, na ndoto yangu naieleza hapa kwa sababu itaingia kwa hadithi: duka langu mwenyewe, kioo mbele, na sanamu ya kike imevaa gauni nililochora mimi. Kila mtu ananicheka isipokuwa Yeyo. Tulishakubaliana kwamba siku ya kufungua, yeye ndiye atakata utepe, na atakata na kisu chake cha kuchunia mbuzi, mkasi hapana.

Basi tukapeleka bahasha nyumbani. Kaka yangu mkubwa alikuwa amefika mbele yetu. Yeye ni mwalimu wa shule ya msingi, na watu wote wanamwita Mwalimu, hata sisi nyumbani, hata Yeyo aliyemzaa. Akaketi nje kwa kiti cha plastiki, akafungua ripoti, na mkono wake ukaenda mfukoni ukatoa kalamu nyekundu. Sidhani hata alijua ameitoa. Mkono wa mwalimu ukiona karatasi unaenda wenyewe.

Akasoma kimya, midomo ikitembea. Halafu akachora mstari mwekundu chini ya namba moja.

"Sema," Yeyo akasema.

"Kuna mambo mengi hapa, Yeyo. Tungoje daktari."

"Nimekusomesha ili unisomee. Sema."

Mwalimu akakohoa. "Kuna herufi hapa, EF. Hiyo ni nguvu ya moyo ya kusukuma damu nje. Yako wameandika arobaini na mbili kwa mia."

Yeyo akafikiri. Kuku akapita kati ya miguu yetu, hakuna aliyemfukuza.

"Kwa darasa lako," akauliza, "mtoto akipata arobaini na mbili kwa mia, yeye ni nani?"

"Si wa mwisho."

"Sikuuliza kama ni wa mwisho."

"Ni... anajaribu."

"Na unamwandikia nini kwa karatasi?"

Mwalimu akaangalia chini. "Naandika, ongeza bidii."

"Sasa moyo wangu utaongeza bidii aje, Mwalimu? Uende tuisheni?"

Alisema hivyo na akacheka, na sisi tukacheka kwa sababu yeye ndiye alicheka kwanza. Lakini nilimwona ameshika ncha ya shuka yake, anaikunja na kuikunjua.

"Na nini tena?"

Mwalimu akasoma kwamba kuna valvu mbili zinazovuja. Moja inavuja kiasi cha kati, nyingine kidogo sana. Moyo pia umepanuka. Mimi nikatoa simu nikatafuta lile neno refu la Kizungu la kuvuja, regurgitation, simu ikaniambia maana yake ni kucheua kama ng'ombe. Nikarudisha simu mfukoni, sikutaka kusaidia tena.

"Inavuja inaenda wapi?" Yeyo akauliza.

Hakuna aliyejua. Mwalimu alifundishwa kuhusu moyo chuoni, anakumbuka una vyumba vinne, lakini hiyo ya kuvuja inaenda wapi haikuwa kwa mtihani. Yeyo akatuangalia mmoja mmoja. Halafu akainamisha kichwa, akaitazama miguu yake iliyofura kama mtungi.

"Mimi naona inaenda wapi," akasema. "Imeshuka hapa."

Nawaambia ukweli, ilionekana ina maana kabisa. Tangi linavuja juu, chini panajaa. Hata Mwalimu aliitikia kwa kichwa kama mtu aliyeelewa hesabu.

Jioni nikamletea vidonge vyake na maji. Akachukua maji, vidonge akaviacha mkononi mwangu.

"Hii nyeupe ndogo ni ya kukojoa, si ndiyo?"

"Ndiyo, Yeyo. Ya kutoa maji."

"Sasa mimi niko na moyo unavuja. Damu inapotea. Halafu nimeze dawa ya kutoa hata maji yaliyobaki? Nibaki na nini, enkerai?"

Enkerai ni mtoto, kwa Kimaa. Akiniita hivyo siwezi kubishana naye, najiona nimerudi kuwa mdogo. Nikamwambia daktari ndiye aliandika. Akasema daktari aliandika kabla ya picha. Nikasema angalau zile zingine. Akasema moyo uliofeli hausaidiwi na peremende. Nikaenda nje nikasimama karibu na zizi la mbuzi, vidonge vikiyeyuka kwa jasho la mkono wangu. Hayo ndiyo yaliniuma zaidi: kwamba alikuwa na sababu, na mimi sikuwa na sababu ya kushindana nayo ila kuogopa.

Jumamosi asubuhi akaniita kwa zizi la ng'ombe. Alikuwa amesimama ameshika nguzo ya lango, anapumua kwa mdomo. Mwalimu alikuwa hapo tayari, uso wake umekunjamana, nikajua ameitwa awe shahidi.

"Unamwona yule mtamba wa hudhurungi? Mwenye doa kwa paji?"

Nilikuwa namjua. Alikuwa na mimba yake ya kwanza. Yeyo alikuwa anampenda kuliko ng'ombe wote, alimlea kwa chupa mama yake alipokufa wakati wa kiangazi.

"Ni wako kuanzia leo."

Akainama kwa shida, akang'oa nyasi kidogo zilizobaki pembeni ya boma, akaniwekea mkononi, akafunga vidole vyangu na vidole vyake. Kwetu nyasi si mchezo. Ukipewa kitu na nyasi, umepewa na baraka, na neno limefungwa.

"Yeyo, sitaki."

"Utakataa mkono wa mama yako?"

"Sikatai mkono. Nakataa kwa nini unanipa."

"Nakupa kwa sababu ya kioo chako," akasema. "Na ile sanamu ya kike. Uza huyu, ukodishe nyumba, ufungue. Usingoje nikate utepe. Mwalimu atakata."

Mwalimu akageuza uso. Mimi nikasimama na zile nyasi mkononi. Hebu fikiria: kitu ambacho nimekiota miaka yote kilikuwa mbele yangu kinatafuna, na doa jeupe kwa paji, na nilitaka kiondoke. Kumkubali mtamba ilikuwa kukubali kwamba Yeyo anakufa. Kumkataa ilikuwa kumvunjia heshima mbele ya shahidi. Nikasema, "Ashe oleng, Yeyo," asante sana, kwa sababu hakuna kitu kingine ningeweza kusema, na nikalia hapo hapo na ng'ombe wakinitazama.

Jumapili hakwenda kanisani. Alisema atasikiliza mahubiri kwa redio. Pumzi yake niliisikia kutoka nje, fupi fupi, kama mtu anayepuliza uji wa moto. Nilimwomba twende hospitali leo leo. Akasema kesho ndiyo siku tuliyopewa, na yeye hajawahi kuingia kwa nyumba ya mtu kabla ya kukaribishwa. Nikampangia mito nyuma ya mgongo. Kila akisinzia nilimwangalia kifua. Kikipanda, nangoja kishuke. Kikishuka, nangoja kipande.

Daktari wetu ni mwanamke, bado kijana, mtu wa kutoka upande wa Central aliyejifunza salamu zetu na kuzitumia bila aibu.

"Supa, Yeyo!"

"Ipa," Yeyo akajibu. Sauti ilikuwa ndogo.

Daktari hakuchukua bahasha kwanza. Alimtazama Yeyo alivyokuwa ameketi ameinama mbele, akamsikiliza mgongo kwa kile kifaa cha masikio, akabonyeza mguu wake kwa kidole gumba. Alipotoa kidole, shimo likabaki, kama umebonyeza unga wa chapati.

"Dawa ya maji unameza?"

"Nimeacha."

Nilifikiri atatugombeza. Aliweka kalamu chini, akavuta kiti karibu mpaka magoti yao yakakaribia kugusana.

"Niambie kwa nini, mama. Bila kunificha."

Yeyo akamwambia yote. Arobaini na mbili. Valvu mbili. Damu imevuja mpaka miguuni. Daktari akasikiliza mpaka mwisho, ndipo akafungua bahasha, na kitu cha kwanza alichoona ni mstari mwekundu.

"Hii ni nani amesahihisha?"

Mwalimu akakohoa kile kikohozi chake. "Ni mimi, daktari. Nilikuwa tu naonyesha."

"Wewe ni mwalimu?"

"Ndiyo."

"Nilijua tu." Hakucheka, lakini macho yake yalilainika. "Mwalimu, kwa huu mtihani hakuna mtu anapata mia. Hata wewe. Hata mimi. Moyo mzima kabisa, wa mtu anakimbia mbio, ukipimwa unapata kama sitini. Ukipata hamsini na tano mpaka sabini hivi, huo ni mzuri."

Mwalimu akasema, "Kwa mia?"

"Ngoja nionyeshe." Akakunja ngumi, akaifungua kidogo kama anashika yai. "Moyo unajaa damu hivi. Halafu unajifinya." Akafinya. "Ile damu iliyokuwa ndani, yote haitoki. Moyo mzuri unatoa zaidi ya nusu kidogo, nyingine inabaki ndani, halafu unajaa tena. Hiyo namba inasema tu, kwa kile kilichojaa, ni kiasi gani kimetoka kwa kufinya mara moja. Kubaki si kosa. Ndivyo ulivyoumbwa."

Yeyo alikuwa anautazama ule mkono. Niliona kitu kinapita usoni kwake.

"Kama kukamua," akasema.

"Aje, mama?"

"Ng'ombe humkamui mpaka tone la mwisho. Unamwachia ndama."

Daktari akamwangalia, akarudia polepole, kama mtu anayeonja kitu. "Unamwachia ndama. Ndiyo, mama. Hivyo hivyo. Sasa wewe ulikuwa unatakiwa kutoa kama sitini, na unatoa arobaini na mbili. Kwa hivyo usipime na mia. Pima na sitini."

"Basi sijafeli sana," Yeyo akasema, na akamtupia Mwalimu jicho ambalo nadhani bado linamchoma.

"Hujafeli. Lakini sitakudanganya kwamba ni sawa." Sauti ya daktari ikabadilika, na mwili wangu wote ukasikiliza. "Huu moyo umechoka. Presha yako ilikuwa juu miaka mingi na hukujua, kwa sababu presha haiumi. Moyo umekuwa ukisukuma mlango mzito kila siku. Umechoka, umepanuka, hausukumi kwa nguvu kama zamani."

"Na kuvuja?"

"Ulinieleza uko na boma. Lango lako lina vipande vingapi?"

"Viwili. Vinakutana hapa." Yeyo akaonyesha kwa viganja.

"Ng'ombe wakishatoka, unafunga ili wasirudi. Valvu ni lango tu. Damu ikipita, linajifunga nyuma yake. Sasa, boma likitanuka, nguzo zikisogea mbali, na lango ni lile lile?"

Yeyo akatenganisha viganja kidogo.

"Hapo katikati panabaki nafasi, na wachache wanarudi. Hiyo ndiyo kuvuja. Haivuji nje ya mwili, mama. Hakuna tone la damu limepotea. Inarudi nyuma, kwa chumba ilikotoka, na nyuma ya hicho chumba kuna mapafu. Ndiyo maana ukilala unakosa pumzi, panasongamana. Hiyo ni ile valvu ya kiasi cha kati, na hiyo tutaichunga. Ile ya pili, inayovuja kidogo sana, isahau. Watu wengi wazima wako nayo na hawajui. Labda hata huyu," akanionyesha mimi kwa kidevu.

Nikashika kifua changu bila kutaka.

"Na miguu?" Yeyo akauliza. Hakuwa tayari kuachilia miguu.

"Hiyo si damu. Ni maji. Moyo ukisukuma kidogo, figo zinadhani mwili umekauka, kama kiangazi. Zinaanza kuweka akiba ya maji na chumvi. Hayo maji yanashuka miguuni, mengine yanaingia kifuani. Kidonge cha kukojoa hakikutolei damu. Kinatoa hiyo akiba. Ulipokiacha, umeona?"

"Nimeona," Yeyo akasema.

Kisha akauliza lile swali. Hakushusha sauti. Aliuliza kama anauliza bei ya mbuzi.

"Nitakufa na hii?"

Mwalimu akasimama, akaketi tena. Mimi nilitazama ukutani, kuna picha ya mtoto anachanjwa, nikayasoma maneno yake yote.

"Siku ya mtu siijui," daktari akasema. "Nitakuambia ninachojua. Ukiacha dawa, huu moyo utaendelea kutanuka, na tutakuwa tunaokota pumzi yako kila siku. Ukimeza, kuna mioyo mingi inapata nguvu. Ukipungua kutanuka, nguzo zinarudi karibu, hata lango linaweza kufunga vizuri zaidi. Mingine inakaa pale pale. Na kuna michache inashuka hata na dawa. Wako ni upi, sijui. Baada ya miezi kadhaa ya dawa tutapiga picha tena, tutajua."

Nilitaka aseme zaidi. Nilitaka aseme utapona, aseme tu hata kwa uongo. Yeyo yeye aliitikia kwa kichwa mara moja, kama mtu aliyepewa bei ya haki.

"Chumvi umepunguza?" daktari akauliza akiandika.

"Chumvi nimeacha kabisa," Yeyo akajigamba. "Siku uliponiambia nilimpa jirani kopo lote. Sasa naweka magadi tu."

Kalamu ikasimama.

"Magadi kwa nini?"

"Kwa maharagwe. Kwa mboga. Bila chumvi chakula hakina ladha, kwa hivyo nikaongeza magadi kidogo. Na ya ugoro pia, ugoro bila magadi ni vumbi."

Kila jikoni kwetu kuna magadi, mawe yale yanatoka ziwani, yanalainisha maharagwe, hata ng'ombe wanayalamba. Hakuna mtu amewahi kuyaita chumvi. Daktari akaeleza kwamba kile kitu kwa chumvi kinachovuta maji kiko pia kwa magadi. Jirani alipewa kopo bure. Yeyo alitoka kwa mlango huu akaingia kwa ule.

"Hata magadi?" Yeyo akasema. Kwa mara ya kwanza asubuhi hiyo alionekana mtu aliyepata habari mbaya. "Sasa maharagwe yataiva lini?"

"Loweka usiku mzima, Yeyo," nikasema. "Nitakuja kukulowekea."

"Na ugoro?"

"Ugoro tutauongelea siku nyingine," daktari akasema, "lakini tutauongelea. Na kama unakunywa supu ya mizizi ya kwenu, niambie ni mizizi gani. Usinifiche." 

Akamdunga sindano ya kutoa maji kwa mshipa, tukawekwa kwa benchi mpaka alasiri waone inafanya kazi. Ilifanya. Nilimsindikiza Yeyo chooni mpaka muuguzi akaanza kutusalimia kama majirani. Kila akitoka pumzi ilikuwa ndefu kidogo kuliko alivyoingia. Mwalimu alikuwa ameandikiwa kazi za nyumbani na daktari, akazisoma kwa sauti: vidonge kila siku hata ukijisikia vizuri, mzani kila asubuhi baada ya choo na kabla ya chai. Uzito ukipanda kilo mbili kwa siku chache, hiyo si mafuta, ni maji, piga simu. Pumzi ikikatika umelala, usingoje siku uliyopewa, njoo.

"Hata bila kukaribishwa," nikaongeza.

"Nimesikia," Yeyo akasema. "Mzani wa mbuzi uko sokoni. Nitaning'inia."

Mwalimu akaahidi mzani wa kusimama. Halafu akatoa kalamu nyekundu mfukoni, akaitazama, akairudisha. Yeyo aliona.

"Mwalimu."

"Naam, Yeyo."

"Uandike pale chini ya mstari wako: kwa sitini."

Na Mwalimu, mtu mzima, akafungua bahasha kwenye benchi la hospitali akaandika.

Tukiwa langoni tunangoja upepo wa vumbi upite, Yeyo alinishika mkono.

"Yule mtamba."

Moyo wangu mwenyewe ukaruka. "Mchukue, Yeyo. Nakurudishia sasa hivi."

"Nani amesema nirudishiwe? Nilikupa na nyasi. Nasema usimwuze bado."

"Sitamwuza."

"Azae kwanza. Nataka kumwona ndama. Halafu nataka kumkamua mimi mwenyewe, wewe una mikono ya kitambaa." Akapumua, akatazama mbele, na hapakuwa na milima upande ule, palikuwa na ukuta wa hospitali tu. "Halafu utauza. Kisu changu kinahitaji kunolewa."

Hiyo ilikuwa miezi michache iliyopita. Mtamba tumbo limeshuka, mvua imekaribia, na tarehe ya kupiga picha tena imekaribia pia. Nikiwa kwa mashine yangu ya kushona najikuta nimesimama katikati ya mshono, mguu kwa pedali, nafikiria ile namba. Wakati mwingine nampa hamsini. Wakati mwingine naogopa hata kufikiria thelathini na kitu, nashona haraka haraka ili ipite. Miguu yake imepungua, viatu vimekubali. Analala na mto mmoja. Daktari ameridhika, lakini amesema ngojeni picha, na mimi nimejifunza kwamba daktari huyu hasemi kitu asichokijua.

Kila asubuhi, kabla sijafungua duka la mwajiri wangu, napiga simu nyumbani. Yeye hasemi hujambo, anasema kilo. Leo alishika simu na nikasikia kuku, nikasikia kitu cha chuma kikilia chini ya miguu.

"Uko wapi, Yeyo?"

"Niko juu ya mzani. Nyamaza, usinitingishe."

Nikanyamaza. Malori yalikuwa yanapita. Nilishika simu kwa mikono miwili, nikangoja aniambie.